Yah: Saizi za bimu na nguzo kwa ramani ya awali, jengo la Mbezi Beach (toleo B)

Shikamoo Injinia Mushi,

Pole na safari ya Dodoma. Nimeambatanisha ramani ya awali ya lile jengo la Mbezi Beach tulilozungumza kwenye simu: chini ni maegesho na maduka mawili, juu ghorofa 3 za kuishi. Faili ni MB-A-102_Rev-B.dwg, na PDF yake ipo kama utafungulia kwenye simu.

Sikuombi hesabu kamili wala mchoro wa nondo. Ninachotaka kwa sasa ni saizi za kuanzia, ambazo hata zikibadilika kidogo baadaye hazitanivunjia ramani. Mara ya mwisho nilichora nguzo za kubahatisha, za mhandisi zikaja pana zaidi, na mlango wa bafu ukawa haufunguki mpaka mwisho. Tuliligundua fundi ameshafunga mbao za kumwagia zege.

Linaloninyima usingizi ni nguzo ya C/3. Ghorofani ipo, chini haipo, maana pale ndipo magari yanapogeuzia. Najua hutaipenda. Ikibaki hivyo, bimu ya kuanzia B hadi D itakuwa na mita 10.8 na kubeba nguzo ya ghorofa 3 katikati. Kimo cha chini nimeweka 3,600, kwa hiyo bimu ya kina cha 900 inaniachia 2,700 na magari yanapita bila shida. Ikifika 1,200 bado naweza kuishi nayo. Ikizidi hapo, niambie mapema nihamishe njia ya magari, kwa sababu kupandisha kimo hadi 3,900 kunaniongezea vidato viwili vya ngazi, na ngazi yenyewe imeshabana. Kama jibu lako ni "weka nguzo chini, basi", liseme tu, sitakasirika.

Nguzo nyingine za maegesho zina sharti moja. Kati ya gridi na gridi ni 5,400, na pale panakaa magari mawili ya 2,500 kila moja. Kwa hiyo upande huo nguzo isizidi 400 pamoja na plasta. Mimi nimechora 300 kwa 600, upande mrefu ukifuata urefu wa gari. Ukihitaji zege zaidi, ongeza kwenye huo wa 600, usiguse wa 300.

Ghorofani kuta ni tofali za inchi 6. Nguzo ya 230 inatokeza ukutani kama milimita 80, hiyo naificha kwenye makabati ya vyumba vya kulala. Sebuleni hakuna kabati, na mteja ameshasema hataki kuona kona ya nguzo nyuma ya televisheni. Hapo ni A/2 na D/2.

Bimu za ghorofani nimekisia 230 kwa 450, slabu ya 150 ikiwemo ndani ya huo 450. Nafasi ndefu kuliko zote ni mita 6.0, sebuleni. Kutoka sakafu hadi sakafu ni 3,000, kwa hiyo 450 inaniachia 2,550 chini ya bimu, kabla ya tailizi na jipsamu. Ukinipa 600 nabaki na 2,400, na bado bomba la choo la 110 linapita chini ya bimu ya gridi 3. Kama unaruhusu tulitoboe bimu na kupitisha bomba, nipe upana wa tundu na mahali pake, nililionyeshe tangu sasa.

Vibaraza vinaning'inia mita 1.5 nje ya bimu ya pembeni. Nimeviacha kwenye 150 kama slabu nyingine, ila nina wasiwasi. Nenepesha unavyoona inafaa.

Juu ya ngazi kutakuwa na matanki mawili ya lita 5,000, yaani tani 10 za maji peke yake. Usiyasahau, maana kwenye ramani ya paa bado sijayachora. Eneo lipo karibu na bahari, hivyo zege la kufunika nondo kwenye nguzo za nje liongeze, nami nitaacha nafasi. Ripoti ya udongo haijatoka. Waliochimba wanasema walikutana na maji kwenye mita 2.1.

Ukiandika kwa kalamu nyekundu juu ya PDF na kunitumia picha Wasapu inatosha kabisa. Ningeshukuru kuipata kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu Ijumaa nakaa na mteja, na akishaidhinisha tunaanza kuandaa michoro ya kibali ya manispaa, yako na yangu. Ukibanwa, anza na C/3. Hizo nyingine naweza kuzisubiri hadi Jumatatu.

Wasalimie nyumbani.

Rehema
Msanifu majengo