Kutia rangi namba inayojirudia, ila ya kwanza ibaki kama ilivyo

Hii ni ya karani anayetunza daftari la wakulima wa AMCOS kwenye Excel: safu A namba ya mwanachama, B jina, C namba ya NIDA, D tarehe ya kuandikishwa. Vichwa viko mstari wa 1, wakulima wanaanzia mstari wa 2 hadi 640. Tunataka mkulima aliyeingizwa mara ya pili au ya tatu awe mwekundu, na ingizo lake la kwanza libaki jeupe.

Weka alama kuanzia A2 hadi A640, ukianzia juu. Nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, kisha uchague "Use a formula to determine which cells to format". Andika:

```
=COUNTIF($A$2:$A2,$A2)>1
```

Bonyeza Format, chagua rangi, OK.

Usitumie ile njia ya mkato ya Duplicate Values kwa kazi hii. Yenyewe hutia rangi namba zote zinazofanana, pamoja na ya kwanza. Karani akichuja kwa rangi na kufuta kila chekundu, mkulima anatoka kwenye daftari kabisa, na siku ya kugawa pembejeo hana jina. Kwa mtu aliyetembea kutoka shambani kuja kujiandikisha, hilo ni jambo zito.

Siri yote iko kwenye alama za dola. Katika `$A$2:$A2`, mwanzo umefungwa pale A2, lakini mwisho una dola mbele ya herufi tu, kwa hiyo unashuka pamoja na mstari. Tuseme namba 0147 ipo A2 na tena A5. Excel ikiwa A2 inahesabu A2 peke yake: inapata 1, haipaki kitu. Ikifika A5 inahesabu kuanzia A2 hadi A5: inapata 2, inapaka. Kila mstari unatazama nyuma yake tu, haujui kilicho chini. Ukikosea ukafunga na mwisho, yaani `$A$2:$A$640`, unarudi kulekule kwa Duplicate Values.

Ukitaka mstari mzima uwe mwekundu, fomula haibadiliki. Weka alama kuanzia A2 hadi D640 badala ya safu moja. Dola iliyo mbele ya A ndiyo inayozuia fomula isihamie B na C.

Sasa NIDA, na hapa naomba umakini. Fomula hiyohiyo ukiihamishia safu C itakudanganya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, na COUNTIF ikikuta maandishi yaliyo tarakimu tupu huyageuza namba kwanza, kisha inalinganisha. Tarakimu tano za mwisho zinapotea. Kwa kuwa namba hiyo huanza na tarehe ya kuzaliwa, watu wawili tofauti waliozaliwa siku moja eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Kwa safu C tumia hii:

```
=AND($C2<>"",SUMPRODUCT(--($C$2:$C2=$C2))>1)
```

Hii inalinganisha tarakimu zote 20 kama maandishi, bila kuzigeuza namba. Kipande cha `$C2<>""` kinaepusha wakulima wasio na NIDA wasiwe wekundu kwa sababu tu visanduku vyao viko vitupu. Ile ya COUNTIF haina shida hiyo.

Safu C lazima iwe Text kabla ya kuingiza namba. Ukiona 1.97001E+19, tarakimu za mwisho zimeshageuzwa sifuri na kubadili kuwa Text hakuzirudishi. Fungua fomu ya karatasi uandike upya. Hakikisha pia waingizaji wote wanaandika kwa namna moja, ama kwa vistari ama bila, na uondoe nafasi zilizobaki mwishoni. Kwa jicho hazionekani, ila kwa fomula hii ni namba nyingine.

Na "ya kwanza" maana yake ni iliyo juu kwenye karatasi, siyo iliyoandikishwa mapema. Ukipanga majina kwa alfabeti, rangi zinahama. Panga kwanza kwa safu D, tarehe ya zamani juu, ndipo uchuje kwa rangi.

Kabla ya kufuta mstari wowote mwekundu, usome sambamba na wenzake wa juu. Mara nyingine ingizo la pili ndilo lenye jina lililoandikwa sahihi au namba ya NIDA iliyokosekana juu: hamishia taarifa hiyo juu, kisha ndipo ufute.

Kwa wanaotumia Google Sheets, ingia Format, Conditional formatting, kisha "Custom formula is", na ubandike fomula hizihizi.