Kufunga kontrola ya sola ya 12V nyumbani: maelekezo ya boksini kwa lugha ya fundi

Sehemu hii inachukua nafasi ya kurasa za kontrola katika kile kijitabu cha maandishi madogo kinachokuja boksini. Mfano wetu ni nyumba ya vyumba vitatu Nachingwea: paneli mbili za wati 100, betri ya jeli ya 12V 100Ah, kontrola ya PWM ya ampea 20, taa tano za wati 5, televisheni ya 12V ya wati 30 na chaji za simu. Vitu vyako vikitofautiana na hivi, namba zitabadilika ila mpangilio wa kazi ni uleule.

Kabla ya kushika bisibisi, elewa jambo moja. Kontrola haijui betri yako ina umri gani, wala haijui imejaa kiasi gani. Inajua volti tu, tena zile inazoziona kwenye skrubu zake yenyewe. Kutokana na volti hizo inaamua kuchaji, kuacha kuchaji, kuzima taa au kuziwasha. Ukiionyesha volti za uongo, itaamua kwa uongo huo.

Soma kibandiko cha nyuma ya paneli

Kuna namba mbili za kuangalia. Voc ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, na Isc ni ampea zake za juu kabisa. Paneli zetu zina Voc ya 22V na Isc ya 6A kila moja. Tunaziunga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hivyo volti zinabaki 22 na ampea zinakuwa 12. Ongeza robo kwa usalama, unapata 15. Kontrola ya ampea 10 haitoshi, ya 20 inatosha. Usiunge paneli hizi kwa kufuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, maana utapata 44V na kontrola yetu imeandikwa mwisho 25V kwa betri ya 12V.

Hapa kuna kosa linalokula pesa za watu wengi. Mteja anasikia paneli ya wati 300 imeshuka bei, ananunua, anakuletea uifunge kwenye kontrola ya PWM na betri ya 12V. Paneli hiyo hufanya kazi vizuri kwenye volti 32 hivi na hutoa ampea 9 na kidogo. PWM haibadilishi volti kuwa ampea. Inaiburuta paneli chini mpaka volti za betri, kwa hiyo unabaki na ampea zilezile 9 kwa volti 13, yaani wati 120 tu. Wati nyingine amezinunua na hatazipata. Juu ya hapo, Voc ya paneli hiyo ni karibu 39V, na kontrola inaweza kuungua siku ya kwanza. Paneli ya aina hiyo inahitaji kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti zinazozidi kuwa ampea, ambayo ni ghali zaidi. Mwambie mteja ukweli kabla hujapanda juu ya bati.

Mahali pa kuifunga

Ifunge ndani ya nyumba, ukutani, imesimama wima kwenye ubao, usawa wa macho. Acha nafasi ya kiganja kila upande ipumue. Isiwe juu kabisa chini ya bati, maana mchana pale ni tanuri. Betri ya maji isikae chini yake moja kwa moja, kwa sababu gesi yake inapanda, inakula shaba na inaweza kushika moto kwa cheche.

Umbali kati ya kontrola na betri usizidi mita moja, kwa waya wa 6mm. Wengi hulipuuza hili, wakaweka kontrola sebuleni ionekane na betri chumba cha nyuma. Piga hesabu: mita 5 za waya wa 2.5mm, ampea 11 zikipita kwenda na kurudi, zinapoteza karibu volti 0.8 njiani. Kontrola inaona 14.2V, inasema betri imejaa na inapunguza chaji, wakati betri yenyewe ina 13.4V. Baada ya miezi mteja analalamika betri ni feki. Betri haina kosa, haijawahi kujaa hata siku moja. Kwa mita moja ya 6mm upotevu ni chini ya volti 0.1.

Waya wa paneli unaweza kuwa mrefu zaidi. Kwetu ni mita 8, na kila paneli ina waya wake wa 4mm. Upotevu ni kama volti 0.4, unavumilika.

Kuunganisha: betri kwanza

Vua pete, saa ya chuma na bangili. Spana ikigusa chanya na hasi za betri kwa pamoja inaweza kuwa nyekundu mkononi mwako. Funika paneli kwa blanketi zito.

Hatua ya 1. Weka fyuzi ya ampea 20 kwenye waya wa chanya wa betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi yenyewe itoe kwanza. Kazi yake ni kuulinda waya, hivyo ukiiweka upande wa kontrola, waya wote wa kutoka betri unabaki bila ulinzi.

Hatua ya 2. Funga nyaya za betri kwenye matundu yenye picha ya betri. Kaza skrubu, kisha vuta waya kwa mkono. Ukisogea, haujakazwa. Nyuzi za shaba zisibaki nje zikagusana na tundu la jirani.

Hatua ya 3. Pima kwa mita kabla ya kurudisha fyuzi. Gusa waya mwekundu wa mita kwenye nyumba ya fyuzi, upande unaotoka betri, na mweusi kwenye skrubu ya hasi ya betri pale kwenye kontrola. Mita ikionyesha alama ya kutoa, umegeuza. Zikiwa sawa, rudisha fyuzi. Skrini itawaka na kuonyesha volti, kwa mfano 12.5.

Hatua ya 4. Funua paneli kidogo, pima nyaya zake, mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, funika tena, kisha zifunge kwenye matundu yenye picha ya paneli. Toa blanketi. Alama ya chaji inapaswa kutokea kwenye skrini.

Hatua ya 5. Mwisho, taa na televisheni kwenye matundu yenye picha ya balbu.

Kwa nini betri kwanza? Kontrola nyingi hukubali betri ya 12V na ya 24V, na hujitambulisha kwa volti za kwanza zinazoifikia. Ikianza kuonana na paneli yenye volti 22, inaweza kudhani iko kwenye mfumo wa 24V, na volti hizo za paneli zikapita mpaka kwenye televisheni. Siku ya kufungua, rudi kinyumenyume: taa, paneli, betri mwisho. Anayetaka kubadilisha betri saa sita mchana akiacha paneli imeunganishwa anacheza na kontrola yake.

Jambo ambalo kijitabu hakilisemi: katika kontrola nyingi za bei nafuu chanya zote tatu zimeungana ndani, na kinachokatwa ni hasi. Kwa hiyo hasi ya taa irudi kwenye tundu lake la balbu. Ukiiunga na hasi ya betri ili kuokoa waya, taa zitawaka vizuri, lakini kontrola haitaweza tena kuzizima betri ikiisha.

Inveta haifungwi kwenye matundu ya balbu. Ya wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hunywa zaidi ya ampea 25. Ifunge moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake peke yake.

Kuseti

Usimwachie mteja kontrola kama ilivyotoka kiwandani. Bonyeza MENU mara moja moja na skrini itapita kurasa hizi kwa mfuatano, zikiwa na namba za kiwandani:

```
12.5V   volti za betri sasa
13.7V   chaji ya kutuliza
12.6V   taa zirudi
10.7V   taa zikatwe
24H     saa za taa
b1      aina ya betri
```

Kubadilisha, simama kwenye ukurasa unaoutaka, shikilia MENU mpaka namba ianze kuwakawaka, tumia mishale, kisha shikilia MENU tena ili ihifadhi.

Anza na aina ya betri. b1 ni betri iliyofungwa, inachajiwa mpaka 14.4V. b2 ni jeli, 14.2V. b3 ni ya maji, 14.6V. Yetu ni jeli, weka b2. Ukiiacha jeli kwenye b3, itatoa gesi ambayo hutaweza kuirudisha kwa kuongeza maji, maana haifunguki. Ya maji ukiiacha kwenye b2 haitajaa sawasawa. Betri ya lithiamu isifungwe hapa kabisa, itafutiwe kontrola yenye nafasi yake.

Kisha ile 10.7V. Hii siipendi hata kidogo. Betri ikifika hapo imekamuliwa mpaka mwisho, na ikikamuliwa hivyo kila usiku haitadumu. Ipandishe mpaka 11.5V. Mteja atanung'unika kwamba taa zinazima mapema siku za mawingu, na ni kweli zitazima. Mweleze kwamba taa hazirudi mpaka betri ifike 12.6V, ndiyo maana usiku ule hazitawaka hata akibonyeza. Kontrola haijafa.

Saa za taa acha 24H, ili taa na televisheni vitumike wakati wowote. 0H ni ya taa ya nje, inawaka jua likizama na kuzima likichomoza.

Kabla hujaondoka

Jua likiwa kali, pima volti kwenye skrubu za kontrola, kisha kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Tofauti ikizidi 0.2V, kuna skrubu iliyolegea au waya mwembamba. Shika nyaya kwa mkono baada ya nusu saa. Mahali penye joto ndipo penye ulegevu.

Mwenye nyumba umwonyeshe mambo machache tu. Jua kali na alama ya chaji haipo: waya wa paneli umekatika au umegeuzwa. Alama ya balbu inawakawaka polepole: amezidisha vitu, apunguze. Inawakawaka haraka: kuna shoti upande wa taa, asiguse, akuite. Skrini imezima kabisa: fyuzi imekatika, au betri imekwisha kupita kiasi.

Mwandikie kwa kalamu ya wino usiofutika, ubavuni mwa kontrola: b2, 11.5, na tarehe ya leo. Fundi atakayekuja baada yako, na huenda ukawa wewe mwenyewe, ataanzia hapo.