Dokezo la usanifu: kalvati la maji ya mvua, Mabawa, Tanga

Kwa: Mhandisi wa barabara

Eneo linalomwaga maji ni hekta 42, mgawo wa mtiririko C = 0.45. Kwa mvua ya miaka 25 nimetumia kasi ya milimita 95 kwa saa, kwa muda wa kukusanyika wa dakika 30:

Q = 0.278 × 0.45 × 95 × 0.42 = 5.0 m³/s

Napendekeza kalvati la boksi la matundu mawili, kila moja mita 1.8 kwa 1.2. Mdomo wa kutokea uko juu ya maji makuu ya bamvu, hivyo mlango wa kuingilia ndio unaotawala. Likiwa safi linapitisha 7.2 m³/s.

Lakini halitakuwa safi. Mtaro wa juu umejaa makumbi ya nazi na chupa za plastiki, na masika huvisukuma vyote mlangoni. Nimekata asilimia 25: linabaki 5.4, linatosha. Matundu ya mita 1.5 yangebaki na 4.5, nayakataa.

Kwa miaka 50 (milimita 110), mtiririko ni 5.8. Likiwa limeziba hivyo, maji yatafika takriban mita 1.26 juu ya sakafu. Barabara iko 1.9. Lizibuliwe kabla ya Machi.