Moto ukitokea ghorofa ya tatu: hatua zako, moja baada ya nyingine

Dada Neema,

Karibu sana uhasibu. Picha mbili nilizokutumia jana ni za ukuta wa pembeni mwa lifti: ya kwanza ni ramani ya njia za kutokea, ya pili ni tangazo la usalama. Ramani ina kioo, kwa hiyo taa imeng'aa kwenye picha na kona ya chini kulia haisomeki. Nilirudi kuisoma pale pale ukutani. Tangazo nalo lina maagizo saba, yote ya kweli, lakini aliyeliandika hakuyapanga kwa namna mtu atakavyoyatenda. Linaanza na lifti, linakwenda kwenye simu, kisha kwenye vizimamoto, na kufunga mlango kunatajwa karibu na mwisho. Hapa nimeyapanga kwa zamu yake, kuanzia kwenye kiti chako hadi Mnazi Mmoja.

KABLA YA HATUA: JINSI YA KUISOMA RAMANI

Usiiamini mikono yako ukiwa umesimama mbele ya ile ramani. Mchoro umeweka Mtaa wa Lumumba juu, lakini ukiutazama unakuwa umeupa Lumumba mgongo na uso wako unaelekea uchochoro wa nyuma. Kwa hiyo kila kitu kimegeuka: kilicho kulia kwenye karatasi kiko kushoto kwako, na kilichochorwa juu kiko nyuma yako. Chumba cha uhasibu kimechorwa upande wa kulia. Ukiwa pale kwenye ramani, kiko kushoto kwako. Nimeomba mchoro ubadilishwe. Hadi utakapobadilishwa, fuata maelezo yaliyo hapa.

Alama nyekundu yenye neno "UPO HAPA" ni pale ulipotundikwa mchoro. Si meza yako. Njia zako zinaanzia mlango wa uhasibu:

Njia ya kwanza, ngazi B (nyuma). Toka mlangoni, geuka kushoto. Mkono wako wa kushoto uguse ukuta. Mlango wa kwanza utakaougusa ni stoo ya mafaili, wa pili jiko la chai, wa tatu ndio ngazi. Una chuma cha kusukuma katikati. Sukuma kwa kiwiliwili, hauhitaji ufunguo. Ngazi hizi zinashuka hadi uchochoroni.

Njia ya pili, ngazi A (mbele). Toka mlangoni, geuka kulia, mkono wa kulia ukutani. Mlango wa kwanza ni chumba cha mikutano, wa pili ni ngazi. Zinashukia pembeni mwa duka, upande wa Lumumba.

Hesabu milango kwa mkono, si kwa macho. Moshi ukijaa ukumbi huu hutaona kibao chochote, hata kile cha kijani chenye mtu anayekimbia.

UKIUONA MOTO WEWE MWENYEWE

1. Piga kelele "Moto! Moto!" ili walio chumbani wasikie. Usinong'one na jirani kwanza, usimtafute bosi akupe ruhusa.

2. Toka na ufunge mlango wa chumba chenye moto. Usiufunge kwa ufunguo, urudishie tu ukazane. Tangazo limeweka jambo hili la tano, mimi nimelipandisha kwa sababu mlango uliofungwa unauzuia moshi usiingie ukumbini, na ukumbi ndio njia ya kila mtu. Chini yetu, ghorofa ya pili, kuna marobota ya vitambaa hadi darini. Kitambaa kikifuka hutoa moshi mzito kabla hata ya ndimi za moto kuonekana, na moshi ndio unaoangusha watu.

3. Vunja kioo cha kitufe cha king'ora. Kuna viboksi viwili vyekundu, kimoja kando ya kila mlango wa ngazi, usawa wa kifua. Bonyeza kioo kwa kidole gumba au kiwiko. Kwa hiyo utakibonyeza ukiwa njiani kutoka, si kwa kurudi ndani.

4. Shuka kwa ngazi iliyo mbali na moto. Kwa kawaida ni B. Moto ukiwa jiko la chai, ambako kuna mtungi wa gesi na birika la umeme, usipite mbele yake hata kama mlango umefungwa: geuka kulia, tumia A.

5. Ukishakuwa nje, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usidhani mwenzio ameshapiga. Simu mbili si kosa, kukosekana kwa simu ndio hatari. Sema hivi: "Kuna moto kwenye jengo la ghorofa nne, Mtaa wa Lumumba, upande wa Kariakoo, tunatazamana na viwanja vya Mnazi Mmoja. Unaungua ghorofa ya" na utaje ghorofa, kinachoungua, na kama kuna watu ndani. Usikate simu kabla hawajamaliza kukuuliza. Unajua mitaa hii ilivyo mchana: mikokoteni, bodaboda, bidhaa zilizopangwa hadi barabarani. Soko Kuu liliungua usiku wa 10 Julai 2021 na liko karibu nasi. Gari la zimamoto linapita kwenye msongamano ule ule tunaopita sisi, hivyo kila dakika unayochelewa kupiga inaongezwa kwenye safari yao.

UKISIKIA KING'ORA TU

Kila Jumatatu saa nne asubuhi king'ora kinajaribiwa: kinalia kidogo na kunyamaza. Kikilia mfululizo, au kikilia siku na saa nyingine yoyote, chukulia ni moto wa kweli.

1. Acha kazi hapo hapo. Usihifadhi hesabu, usifunge kabati la fedha, usikusanye risiti. Simu ikiwa mkononi nenda nayo. Mkoba ukiwa mbali uache. Nakuambia hili kwa msisitizo kwa kuwa watu wa uhasibu ndio hukaa nyuma kulinda fedha. Hakuna atakayekudai senti iliyoungua.

2. Gusa mlango wa uhasibu kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa wa baridi, fungua taratibu. Ukiwa wa moto, usifungue. Ruka hadi sehemu ya "Njia zote zikizibwa".

3. Aliye wa mwisho chumbani anafunga mlango. Ukiona ni wewe, funga.

4. Tembea haraka, usikimbie, shika njia ya B au A kama ilivyoelezwa. Kukiwa na moshi, inama au tambaa, hewa safi iko chini. Funika pua na mdomo kwa mtandio au khanga.

5. Usiingie kwenye lifti. Umeme ukikatika inasimama na watu ndani, na shimo lake hupandisha moshi.

6. Kwenye ngazi shika upande mmoja, uache nafasi kwa wazimamoto wanaopanda. Usirudi juu kwa sababu yoyote, hata ukikumbuka mtu. Taja jina lake kwangu au kwa wazimamoto.

Mwenzetu wa mapokezi anatembea kwa magongo. Watu wawili wa ghorofa hii wamefundishwa kumsaidia na wanajijua. Wewe mpishe tu njia, usimnyanyue.

KIZIMAMOTO: LINI UKIGUSE

Tangazo linasema "Tumia vizimamoto" kama agizo la kila mtu. Kwako, hadi upate mafunzo, si agizo. Usikitumie isipokuwa mambo haya yote yapo: king'ora kimeshalia, moto ni mdogo kama ndoo ya taka, mlango wa kutokea uko nyuma yako, na hakuna moshi unaokubana. Likikosekana moja, ondoka.

Ramani inaonyesha vizimamoto viwili. Cha unga cha kilo 6 kiko mapokezi. Kinafaa kwa karatasi, vitambaa na mafuta. Cha gesi ya kaboni dayoksaidi kiko nje ya chumba cha umeme. Ndicho cha kompyuta na nyaya. Hiki usikishike kwenye pembe yake nyeusi, inaganda na kuunguza ngozi kwa baridi. Namna ya kutumia ni moja: vuta pini, elekeza kwenye shina la moto na si kwenye ndimi, kamua mkono, fagia kushoto na kulia. Cha unga kinaisha chini ya nusu dakika. Kikiisha na moto upo, umeshamaliza zamu yako, toka.

Ule mpira wa maji kwenye kabati jekundu karibu na ngazi A usiuguse. Maji kwenye umeme yanaua.

NJIA ZOTE ZIKIZIBWA

Hili halimo kabisa kwenye tangazo, nami naliona ndilo pengo lake kubwa.

Ukifungua mlango ukakuta moshi kulia na kushoto, rudi ndani ufunge. Lowesha khanga, koti au kitambaa chochote kwa maji ya kunywa, uzibe upenyo wa chini ya mlango. Piga 114 useme: "Nimezingirwa ghorofa ya tatu, chumba cha uhasibu, madirisha yanatazama jengo la jirani." Maneno hayo ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu aliyeko barabarani hawezi kuyaona madirisha yenu. Ukumbi ukiwa bado unapitika kwa kutambaa, chumba cha mikutano ni bora zaidi: ni mlango wa kwanza kulia na dirisha lake linatazama Lumumba. Pungia kitambaa chenye rangi kali. Usiruke.

Nguo ikishika moto, iwe yako au ya mwenzio: simama, jilaze chini, bingirika ukiwa umefunika uso kwa viganja.

MKISHAFIKA CHINI

Mahali pa kukusanyika ni viwanja vya Mnazi Mmoja, ng'ambo ya Lumumba. Mshale wa ramani unakata barabara moja kwa moja kana kwamba hakuna magari. Waliotokea B wazunguke kutoka uchochoroni hadi barabarani, wasubiri kundi, wavuke pamoja. Mlinzi wa getini ana kazi ya kusimamisha magari, mngojeeni.

Ukifika, njoo kwangu niweke alama kwenye orodha. Nitavaa kizibao cha njano. Ulikuwa na mgeni? Mtaje. Usiondoke kwenda nyumbani wala dukani bila kuniaga, kwa sababu jina lisilo na alama litawarudisha wazimamoto ndani kumtafuta mtu ambaye yuko Buguruni kwenye daladala. Kurudi jengoni ni kwa ruhusa ya afisa wa zimamoto peke yake. King'ora kunyamaza si ruhusa.

JUMATATU, KABLA HUJAWASHA KOMPYUTA

Nipigie simu ya ndani 304. Tutatembea njia ya B na ya A pamoja, mara ya pili ukiwa umefumba macho na mkono ukutani, hadi uchochoroni na hadi Mnazi Mmoja. Ukikuta kigoda kimewekwa kuzuia mlango wa ngazi usijifunge, kiondoe mwenyewe, usisubiri uniulize. Maboksi yakiwekwa kwenye ngazi B, nipigie saa hiyo hiyo. Kisha utasaini kwenye daftari la usalama kwamba umepitishwa.

Wako,
Msimamizi wa moto, ghorofa ya tatu