Ombi la Kazi ya Karani wa Sheria

12 Machi 2025

Kwa Wakili Msimamizi wa Ofisi

Ndugu Wakili,

YAH: OMBI LA NAFASI YA KARANI WA SHERIA

Nina stashahada ya sheria na nimefanya kazi kwa miaka minne katika ofisi ndogo ya mawakili wawili, nikitafiti, nikiandaa rasimu na kutunza majalada. Naomba nafasi mliyoitangaza.

Nianze na utafiti, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza nilitumwa kutafuta uamuzi wa kuunga mkono hoja ya mteja katika mgogoro wa mkataba. Nikaupata kwenye muhtasari, maneno yake yakitufaa kabisa, nikayaweka kwenye rasimu. Jioni, kabla wakili hajatia saini, nilikaa kuisoma hukumu nzima. Maneno yale yalikuwa ya jaji aliyetofautiana na wenzake, na hukumu yenyewe ilikuwa imetenguliwa kwenye rufaa. Nilimweleza wakili vilevile ilivyokuwa, tukaiondoa, tukatumia uamuzi mwingine usio na maneno matamu lakini uliosimama.

Tangu siku hiyo sinukuu nisichokisoma. Nikipata kifungu, natazama marekebisho yake, kanuni zilizotungwa chini yake, na kama kilikuwa kinatumika siku tukio lilipotokea. Ni rahisi mno kuupima mkataba wa zamani kwa toleo jipya la sheria. Katika hukumu natenganisha msingi wa uamuzi na yale jaji aliyoyagusia tu. Ripoti yangu ya utafiti huanza na swali nililopewa, kisha jibu, kisha namba za aya zinazolibeba, na haikosi sehemu ya maamuzi yanayotupinga. Heri wakili ayajue kutoka kwangu kuliko kuyasikia mahakamani kutoka upande wa pili.

Nimeandaa rasimu za hati za madai, hati za kiapo, notisi na mikataba. Katika hati ya kiapo naandika mambo ya hakika tu, hoja za sheria naziacha, na kile mwapaji alichokishuhudia mwenyewe nakitenga na alichoambiwa, nikitaja aliyemwambia. Rasimu naipitia zaidi ya mara moja, kila mara nikitafuta jambo moja: majina, tarehe na kiasi cha fedha dhidi ya nyaraka halisi, halafu viambatisho, kama kila kimoja kina alama iliyotajwa ndani ya hati, mwisho naisoma kwa sauti. Ni katika kusoma kwa sauti nilipogundua mkataba wa mauzo ambao kifungu chake cha 9 kilimtwika Mnunuzi wajibu wa Muuzaji, kwa kuwa kilichukuliwa kutoka mkataba wa zamani na majina hayakubadilishwa. Mawakili wawili na mimi mwenyewe tulikuwa tumeshakisoma kimyakimya bila kuona kitu. Siachi pia “siku 14” zining’inie: ni za kazi au za kalenda, na zinahesabiwa tangu kusaini au tangu kupokea?

Usiri ni vigumu kuuthibitisha kwa barua. Nitasema tu ninavyofanya. Watu wakiniuliza kama fulani ni mteja wetu, jibu langu ni kwamba sizungumzii wateja, na hulitoa hata kwa ambaye sijawahi kumwona ofisini. Nikisema “hapana” kwa wasio wateja, ukimya wangu kwa wengine utakuwa umeshajibu. Mtu mpya akipiga simu, nachukua kwanza majina ya pande zote na kuyalinganisha na rejista, ili tusisikie siri zake kisha tukakuta tayari tunamwakilisha mpinzani wake. Kabla ya kutuma faili nafuta maoni na historia ya mabadiliko yaliyofichika ndani yake. Maneno ya kufichwa nayaondoa kabisa, kwa maana yaliyopakwa weusi juu tu mara nyingi yanaweza kunakiliwa na kusomwa.

Naujua pia mpaka wa kazi yangu. Mteja akiniuliza kama atashinda, naliandika swali lake kama alivyolisema na kulifikisha kwa wakili siku hiyohiyo. Ushauri si wangu kutoa.

Nimeambatisha wasifu, nakala ya cheti, na ripoti moja ya utafiti. Ripoti hiyo nimeiandika mahususi kwa ombi hili juu ya mgogoro wa kubuni, kwani kazi nilizowafanyia wateja si zangu kuzionyesha. Natakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja ninapofanya kazi sasa, na nitakuja kwenye usaili siku yoyote mtakayopanga. Mkitaka kunipima kwa kunipa rasimu yenye makosa niisahihishe mbele yenu, nitafurahi.

Wako mtiifu,

Rehema J. Salum