Agizo la kigae: sakafu kavu ya Ziwa Amboseli, mwanga sawia, bila mshono

Tengeneza picha moja ya mraba, pikseli 2048 kwa 2048, ya ardhi kavu iliyopasuka kwenye sakafu ya Ziwa Amboseli, kusini mwa Kenya, mwishoni mwa kiangazi. Picha hii ni kigae cha ardhi ya mchezo wa kompyuta. Itapangwa ubavu kwa ubavu, juu na chini, hadi ijaze uwanda wa mita 400 kwa 400. Kigae kimoja kinafunika mita 2 kwa 2, kwa hiyo kitarudiwa mara 40,000, na mchezaji ataiona ardhi hii akiwa ndani ya gari na pia kutoka juu mlimani. Chochote kitakachovuta jicho ndani ya picha kitajitokeza mara 40,000, kimejipanga safu kwa safu kama mahindi shambani. Ukilazimika kuchagua kati ya kupendeza na kulingana, chagua kulingana.

Itazame ardhi kutoka juu, wima kabisa, digrii 90. Bamba la udongo lililo katikati na lililo pembeni yaonekane kwa kipimo kilekile. Pasiwe na upeo wa macho, mwinamo, ukungu wa mbali wala sehemu iliyofifia kwa kuwa nje ya fokasi. Kila pikseli iwe kali.

Nyufa. Udongo ni mfinyanzi laini wa ziwa, wenye magadi, uliolowa na kukauka misimu mingi. Udongo unaokauka kwa mara ya kwanza hupasuka kwa mistari inayokutana kama herufi T, digrii 90. Ukilowa na kukauka tena na tena, makutano husogea kuelekea umbo la Y, digrii 120. Hapa taka Y kwa wingi, na T chache zilizotawanyika bila mpango. Usichore sega la nyuki: mabamba yawe na pande 4 hadi 7, hakuna mawili yanayofanana, na mistari yake iwe na vijipindo vidogo badala ya kunyooka kama rula.

Mabamba yawe na upana wa sentimita 12 hadi 25, yaani pikseli 120 hadi 255, karibu mabamba 11 kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine. Makubwa na madogo yachanganyike kote. Yasikusanyike makubwa kona moja na madogo nyingine. Nyufa kuu ziwe na upana wa pikseli 6 hadi 18. Juu ya baadhi ya mabamba pita nyufa nyembamba za pikseli 1 hadi 3, zinazoanzia ukingoni na kufia njiani kabla ya kufika upande wa pili.

Uso wa udongo hukauka kabla ya tumbo lake, ndiyo maana kingo za mabamba hujikunja kwenda juu. Zikunje kidogo tu, zisizidi sentimita 1. Onyesha mkunjo huo kwa rangi, si kwa kivuli: ukingo wa pikseli 4 hivi ulio mweupe zaidi kuliko katikati ya bamba, kwa unga mwembamba wa magadi uliobaki maji yalipokwisha. Uso wenyewe uwe na chembechembe laini na vishimo vidogo vya matone ya mvua ya zamani, pikseli 2 hadi 4 kila kimoja, vimesambaa sawasawa. Ndani ya nyufa weka vumbi laini lililomomonyoka kutoka kwenye kingo.

Rangi, kwa sRGB:

```
uso wa bamba     #B5AA96
kingo za magadi  #CFC8B8
kuta za ufa      #857A69
sakafu ya ufa    #5E5548
```

Tofauti kati ya bamba na bamba iwe ndogo, pointi 8 hivi kati ya 255. Pasiwe na pikseli iliyo chini ya 60 wala iliyo juu ya 220. Nyufa zisiwe nyeusi kabisa: injini ya mchezo itaongeza giza lake ndani ya ufa, na giza likijumlishwa mara mbili ufa huonekana kama mstari wa wino.

Mwanga uwe wa anga lililofunikwa na mawingu, ukitoka pande zote kwa nguvu moja. Jua limo ndani ya mchezo, nalo litazunguka kutoka asubuhi hadi jioni. Kivuli kilichochorwa upande mmoja wa kila ufa kitabishana na jua hilo kuanzia saa nane mchana. Kwa hiyo kuta mbili za kila ufa ziwe na mng'ao uleule, na pasiwe na mmeto wa unyevu. Usiing'arishe katikati wala kutia giza pembeni. Kosa hili halionekani kigae kikiwa peke yake, lakini kikirudiwa uwanda wote hugeuka madoadoa ya mraba. Ukigawa picha robo nne, wastani wa mng'ao wa kila robo usipishane na nyingine kwa zaidi ya pointi 3.

Kingo za picha. Kinachotokea ukingo wa kulia kiingie kushoto kwenye kimo kilekile, kwa upana, mwelekeo na rangi ileile. Kinachotokea chini kiingie juu. Mabamba yakatwe na kingo popote pale, na nyufa zipite kwa pembe mbalimbali na kwa nafasi zisizolingana. Usiache ufa wowote utembee sambamba na ukingo wa picha, maana kigae kikirudiwa utaungana kuwa gridi. Pembe nne za picha ziwe vipande vinne vya bamba moja. Usiweke makutano ya nyufa hapo.

Usipate ulinganifu kwa kugeuza nusu ya picha kama kioo: nyufa zitatoa maumbo ya kipepeo. Wala usififishe kingo ili zichanganyike, kwani utabaki ukanda wa nyufa hafifu unaoonekana wazi kutoka mlimani.

Visiwemo: nyasi, majani makavu, mawe, mifupa, kinyesi, nyayo, kwato, alama za matairi, maji, matope mabichi, fremu, maandishi, saini. Pia lisiwemo bamba moja kubwa kuliko yote, lililovunjika peke yake au lenye rangi ya pekee.

Picha itoke kama PNG, jina `amboseli_rangi.png`. Itakaguliwa kwa kuisogeza nusu upana na nusu urefu, ili kingo zote nne zije katikati:

```
magick amboseli_rangi.png -roll +1024+1024 kagua.png
```

Msalaba wowote katikati ya `kagua.png`, uwe wa mstari, wa rangi au wa ukungu, unamaanisha picha irekebishwe. Wakati wa kurekebisha, gusa ukanda wa pikseli 128 kila upande wa msalaba tu, na uache kingo za `kagua.png` kama zilivyo, kwa sababu hizo tayari zinaungana.

Rangi ikikubaliwa, toa picha ya pili ya kimo kwa ukubwa uleule, `amboseli_kimo.png`, nyeusi na nyeupe, nyufa zikiwa mahali palepale pikseli kwa pikseli. Sakafu ya ufa iwe 40, uso wa bamba 165, ncha ya ukingo uliojikunja 200. Weupe wa magadi usihesabiwe kuwa mwinuko, na mteremko kutoka uso hadi sakafu ya ufa uchukue pikseli 3 au 4. Ukikatika ghafla, kuta za nyufa zitatoka na ngazi gari linapopita karibu.