Mtihani wa Mekanika ya Uowevu: Shinikizo na Kasi ya Maji Katika Bomba Linalopungua Upana

Stashahada ya Uhandisi wa Mitambo, Mwaka wa Pili
Mombasa
Muda: Saa 1 na dakika 30. Jumla: Alama 60

Jibu maswali yote manne. Onyesha kila hatua: jibu sahihi lisilo na njia hupata nusu ya alama. Vipenyo vimetolewa kwa milimita, hivyo vigeuze kuwa mita kabla ya kukokotoa eneo. Ukiambiwa eleza, andika sentensi kamili. Fomula peke yake si maelezo.

Tumia: densiti ya maji 1000 kg/m³; densiti ya zebaki 13600 kg/m³; g = 9.81 m/s². Pasipotajwa vingine, chukulia kwamba mtiririko ni thabiti, maji hayabanwi na hakuna msuguano.

A₁v₁ = A₂v₂
P + ½ρv² + ρgh = thabiti

SWALI LA 1 (Alama 20)

Maji ya Mombasa husafiri mbali kabla ya kufika mferejini: mengine hutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, mengine Baricho kando ya Mto Sabaki. Huko Changamwe, bomba lililolazwa sawa na ardhi lina kipenyo cha 300 mm, kisha linapungua polepole hadi 150 mm. Kwenye sehemu pana maji yanakwenda kwa 1.2 m/s na geji inasoma 250 kPa.

Kijana anayejifunza kazi anamwambia fundi wake: "Fundi, hapa bomba limekuwa jembamba, maji yanabanwa. Lazima shinikizo lipande."

(a) Bila kukokotoa, eleza kwa nini kiasi kilekile cha maji lazima kipite kwenye sehemu zote mbili kila sekunde, na hilo linaifanya nini kasi ya maji. (Alama 4)

(b) Fikiria kipande kidogo cha maji kikiingia kwenye sehemu nyembamba. Kinaongeza mwendo. Ni nguvu ipi inayokisukuma mbele, na inatoka wapi? Kutokana na jibu lako, mjibu kijana yule kwa heshima na kwa ukweli. Hiki ndicho kipengele kizito zaidi cha mtihani huu, kwa hiyo usikiharakishe. (Alama 8)

(c) Tafuta kasi kwenye sehemu nyembamba, na ujazo wa maji yanayopita kwa saa moja. (Alama 4)

(d) Geji ya sehemu nyembamba itasoma ngapi? (Alama 4)

SWALI LA 2 (Alama 14)

Giovanni Battista Venturi alichunguza mtiririko katika mirija inayopungua upana; baadaye, katika karne ya 19, Clemens Herschel akaitumia kanuni hiyo kutengeneza mita ya kupimia maji. Mita ya aina hiyo imefungwa katika karakana. Mlango wake una kipenyo cha 200 mm na koo lake 100 mm. Manomita ya zebaki, yenye maji juu ya zebaki pande zote mbili, inaonyesha tofauti ya 120 mm.

(a) Tafuta tofauti ya shinikizo kati ya mlango na koo. Kumbuka kwamba maji yaliyo juu ya zebaki nayo yana uzito. (Alama 4)

(b) Kokotoa kiasi cha mtiririko kinachotarajiwa. (Alama 5)

(c) Maji hayohayo yalijaza tangi la 2.6 m³ kwa sekunde 60. Tafuta kigawo cha mtiririko, kisha eleza kwa nini hakikufika 1. (Alama 5)

SWALI LA 3 (Alama 16)

Jengo moja la Kizingo linapandisha maji hadi tangi la juu, 12 m kutoka usawa wa pampu. Chini, bomba lina kipenyo cha 50 mm na kasi ni 0.9 m/s. Juu, kipenyo ni 25 mm, na geji ya hapo haipaswi kusoma chini ya 60 kPa.

(a) Tafuta kasi ya maji huko juu. (Alama 3)

(b) Ni shinikizo gani dogo kabisa linalohitajika chini? (Alama 6)

(c) Katika jibu la (b), linganisha sehemu iliyotokana na kimo na ile iliyotokana na mabadiliko ya kasi. Mwenye jengo anataka kupunguza mzigo wa pampu kwa kupanua bomba la juu. Je, akipanua atapata nafuu ya maana? (Alama 4)

(d) Fundi alipopima alikuta kwamba, ili geji ya juu isome 60 kPa kamili, ya chini ilibidi isome 205 kPa. Tafuta upotevu kwa mita za maji. (Alama 3)

SWALI LA 4 (Alama 10)

Bomba la maji lililolala, lenye kipenyo cha 200 mm, lina shinikizo halisi (si la geji) la 220 kPa na kasi ya 2 m/s. Kwa joto la maji yale, shinikizo la mvuke ni 4.2 kPa. Mbunifu anapendekeza koo la 60 mm.

Kokotoa kasi ambayo maji yakiifikia kooni yataanza kuchemka bila moto, na kipenyo kinacholeta kasi hiyo. Kisha toa uamuzi wako: pendekezo likubaliwe au likataliwe? Taja madhara ambayo viputo vya mvuke huleta kwenye chuma vinapopasuka.